Limau liko ndani, magadi yako nje: oksijeni inavyoitoa hewa ukaa kwenye damu

Tangu vipimo vya kubana kidoleni vilipoingia majumbani wakati wa Uviko-19, watu wamezoea kutaja oksijeni ya damu kwa namba, kama wanavyotaja joto la mwili. Mtu atakwambia mama yake alikuwa 91 usiku, asubuhi akapanda hadi 96. Hewa ukaa haijapata bahati hiyo. Yenyewe inamalizwa kwa sentensi moja tuliyokariri shuleni: oksijeni inaingia, hewa ukaa inatoka.

Ukimuuliza mtu inatokaje, mara nyingi utapewa picha ya basi. Damu ni barabara, chembe nyekundu ni mabasi, na hemoglobini ni viti. Hewa ukaa imekaa kwenye viti, basi linafika mapafuni, oksijeni inapanda na kuinyanyua. Nimeisikia picha hii kwa wanafunzi, kwa ndugu wa wagonjwa, na hata kwa watu wa afya wanaojua kazi yao vizuri. Ni picha tamu, ila haielezi kinachotokea. Ni kweli kwamba oksijeni inapoingia kwenye damu huifanya damu hiyo iachie hewa ukaa zaidi. Lakini haifanyi hivyo kwa kugombea kiti.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Hewa ukaa ni kabonidayoksaidi, CO₂, gesi inayozalishwa na seli za mwili zinapotumia chakula na oksijeni. Hemoglobini ni protini nyekundu iliyojaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila molekuli yake ina sehemu nne zenye madini ya chuma ambako oksijeni hushikwa. Plazma ni yale maji ya damu yenye chumvi na protini ambamo chembe hizo zinaelea. Ayoni ni chembe ndogo ya kemikali yenye chaji ya umeme, chanya au hasi. Kloridi ni mojawapo, na ndiyo nusu ya chumvi ya mezani.

Sasa turudi kwenye viti. Oksijeni hukaa kwenye madini ya chuma, lakini hewa ukaa haikai hapo kabisa. Ile kidogo inayoshikwa na hemoglobini hujibandika kwenye ncha za minyororo ya protini, mbali na chuma. Gesi inayokaa kwenye kiti cha oksijeni na kukataa kushuka ni monoksidi ya kaboni, CO, ile ya moshi wa jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Majina yanafanana, na nadhani mkanganyiko mwingi umeanzia hapo.

Tena sehemu kubwa ya hewa ukaa haisafiri kama gesi. Kiasi cha asilimia 7 tu huyeyuka kwenye damu kama gesi inavyoyeyuka kwenye soda. Takriban asilimia 23 hubandikwa kwenye protini, hasa hemoglobini. Asilimia 70 hivi hubadilishwa umbo kabisa: hewa ukaa huungana na maji, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo hugawanyika kuwa vitu viwili.

CO₂ + H₂O ⇌ H₂CO₃ ⇌ H⁺ + HCO₃⁻

Huo ndio mlinganyo pekee nitakaouandika. Upande wa kulia kuna H⁺, yaani ayoni ya haidrojeni, ambayo ndiyo ukali wa asidi yoyote ile, na HCO₃⁻, yaani bikaboneti. Mishale ya pande mbili ndiyo ya kutazama zaidi. Mmenyuko huu unaweza kwenda kulia au kurudi kushoto, kutegemea ni upande gani umesongamana.

Kama kuna bikaboneti ya soda jikoni, ule unga mweupe wa kuumulia keki, weka nusu kijiko kwenye sahani na ukamulie matone ya limau. Itatoa povu hapohapo. Povu hilo ni hewa ukaa. Unga ulikuwa umetulia kwenye kopo kwa miezi bila kutoa kitu, kisha asidi ya limau ikaleta H⁺, zikakutana na bikaboneti, na mlinganyo ukarudi kushoto hadi kwenye gesi. Mapafuni kinatokea kitu hichohicho, bila povu. Bikaboneti ya damu inahitaji mtu wa kuikamulia limau, na anayefanya hivyo ni hemoglobini.

Hemoglobini ina tabia mbili. Isipokuwa na oksijeni, hupenda kuzishika ayoni za haidrojeni. Inakuwa kama sifongo la asidi. Ikipata oksijeni hubadilika umbo kidogo, na sehemu zilizokuwa zimezishika ayoni hizo hulegea na kuziachia. Kwa hiyo pale kwenye misuli, hemoglobini inapotoa oksijeni yake, inakuwa sifongo kwa wakati unaofaa kabisa: hewa ukaa inamiminika, asidi inatengenezwa, na hemoglobini inaimeza. Ndiyo maana damu ya vena, yaani ile inayorudi kutoka mwilini, pamoja na mzigo wote ilioubeba, huwa na pH, kipimo cha asidi kinachoshuka asidi inapozidi, ya karibu 7.36 dhidi ya 7.40 ya damu ya ateri, ile inayopelekwa mwilini baada ya kupita mapafuni. Ni tofauti ndogo mno.

Mapafuni, sifongo hilo linakamuliwa, na anayelikamua ni oksijeni. Ayoni za haidrojeni zinamwagika, zinakutana na bikaboneti, na hewa ukaa inazaliwa upya. Wakati huohuo zile ncha za protini zilizobeba hewa ukaa moja kwa moja nazo zinalegea, kwa sababu hemoglobini yenye oksijeni haizishiki molekuli hizo vizuri kama ile isiyo nayo. Sababu hizi mbili kwa pamoja huitwa athari ya Haldane.

Jina hilo linatokana na John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskochi aliyejulikana zaidi kwa kuchunguza gesi za migodini. Mwaka 1914 yeye, Johanne Christiansen na Claude Douglas walichapisha vipimo vyao. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Unachukua damu ileile, unaigawa mafungu mawili, unayaweka yote chini ya shinikizo lilelile la hewa ukaa, ila fungu moja unalipa oksijeni na lingine unalinyima. Kisha unapima kila fungu limebeba hewa ukaa kiasi gani. Lile lililonyimwa oksijeni lilibeba zaidi. Miaka kumi kabla, mwaka 1904, Christian Bohr na wenzake kule Kopenhageni walikuwa wameonyesha upande wa pili: hewa ukaa ikizidi, damu huachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Ni mvutano uleule, mmoja umetazamwa kutoka kwenye misuli na mwingine kutoka mapafuni.

Hapa ndipo maelezo mengi huishia, na mimi naona ndipo jambo linapoanza kunoga. Kuna tatizo ambalo hatujaligusa. Limau liko ndani ya chembe nyekundu, kwa sababu hemoglobini haitoki humo. Lakini magadi yetu, ile bikaboneti, sehemu yake kubwa iko nje, kwenye plazma. Na bikaboneti ina chaji. Gesi kama hewa ukaa hupenya ukuta wa chembe bila kubisha hodi, ila kitu chenye chaji hakipenyi. Ukuta huo ni wa mafuta, na ayoni na mafuta havipatani.

Kwa nini bikaboneti iwe nje? Turudi nyuma hadi kwenye misuli. Hewa ukaa ikitoka kwenye seli za misuli huingia ndani ya chembe nyekundu, na humo kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, ambacho huiunganisha na maji kwa kasi ya ajabu. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki inaweza kushughulikia hadi molekuli milioni moja hivi za hewa ukaa kwa sekunde. Kwenye plazma ya binadamu karibu hakipo. Kwa hiyo bikaboneti hutengenezwa ndani ya chembe, na kwa wingi. Kama ingebaki humohumo, ingerundikana na kuuzuia mmenyuko usiendelee, kama ghala lililojaa linavyosimamisha kiwanda. Lazima itoke.

Inatoka kwa mlango maalumu. Ni protini iliyokaa kwenye ukuta wa chembe nyekundu, inayoitwa bendi ya 3 kwa sababu ya mahali ilipoonekana wanasayansi walipozitenganisha protini za ukuta huo. Kila chembe ina milango hii kama milioni moja. Nayo ina sharti moja lisilovunjwa: hutoki mpaka mwenzako aingie. Bikaboneti moja hasi ikitoka, kloridi moja hasi inaingia kutoka kwenye plazma. Moja kwa moja, bila deni. Sharti hilo huweka hesabu ya umeme sawa, kwa sababu kama chaji hasi zingetoka tu bila kitu kingine kuingia, chembe ingebaki na chaji chanya na zoezi zima lingekwama mara moja.

Kubadilishana huku ndiko huitwa mhamo wa kloridi. Baadhi ya vitabu huuita mhamo wa Hamburger, kwa heshima ya Hartog Jacob Hamburger, mwanafiziolojia wa Uholanzi wa mwishoni mwa karne ya 19. (Mkate wenye nyama una asili nyingine.)

Mhamo huu unaacha alama inayoweza kupimwa. Chembe nyekundu za damu ya vena huwa na kloridi nyingi kuliko za damu ya ateri, na plazma yake huwa na pungufu kidogo. Tena chembe hizo huwa zimevimba kidogo. Asidi iliyotengenezwa imemezwa na hemoglobini, kwa hiyo haihesabiki tena kama kitu kilichoyeyuka. Lakini kloridi iliyoingia inahesabika, na maji huifuata. Chembe ya vena ni nene kidogo kuliko ileile ikiwa kwenye ateri. Kila mzunguko mmoja wa damu, chembe zako zote zinavimba na kusinyaa kwa kiasi kidogo mno usichoweza kukihisi.

Sasa tuifuate damu kidogo ikipita mapafuni. Tuseme mililita 100 za damu ya mtu mzima aliyekaa ametulia. Zinaingia zikiwa na jumla ya mililita 52 hivi za hewa ukaa za maumbo yote matatu, na shinikizo la hewa ukaa la milimita 45 za zebaki. Hemoglobini yake ina oksijeni kwa asilimia 75. Ndiyo, damu inayoitwa "chafu" bado ina robo tatu ya oksijeni yake, na rangi yake ni nyekundu iliyoiva, siyo bluu kama mishipa inavyoonekana chini ya ngozi.

Upande wa pili wa ukuta mwembamba kuna kifuko cha hewa chenye shinikizo la hewa ukaa la milimita 40. Muda uliopo ni kama robo tatu ya sekunde tu, kwa sababu damu haisimami. Kinachoanza ni hewa ukaa iliyoyeyuka kuvuka kuelekea kwenye shinikizo dogo, kama gesi ya soda baada ya kifuniko kufunguliwa. Wakati huohuo oksijeni inavuka kuja huku, inaingia ndani ya chembe na kukaa kwenye chuma. Hemoglobini inabadilika umbo, inaachia ayoni za haidrojeni. Hizo zinakamata bikaboneti iliyo jirani ndani ya chembe, kaboniki anhidrasi inaigeuza kuwa hewa ukaa na maji, na gesi inatoka nje. Bikaboneti ya ndani imepungua, kwa hiyo ile ya kwenye plazma inaingia kupitia bendi ya 3, na kila inayoingia inaisukuma kloridi moja nje. Ni mhamo uleule wa misuli, umegeuzwa. Kloridi inarudi kwenye plazma, maji yanaifuata, chembe inasinyaa.

Kimeng'enya kisingekuwepo, hatua ya kuigeuza asidi kuwa gesi ingehitaji sekunde nyingi, na damu ingekuwa imeshaondoka mapafuni kabla kazi haijaisha. Mlango usingekuwepo, magadi ya nje yasingefika kwenye limau. Na oksijeni isingeingia, limau lisingekamuliwa.

Damu ikitoka ina mililita 48. Imeacha 4 tu.

Hapa watu wengi hushangaa, na wana haki. Tumeambiwa damu ya ateri ni "safi", na wengi huelewa kwamba haina hewa ukaa. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hewa ukaa iliyofika mapafuni huondoka na damu kurudi mwilini. Haikusahaulika. Ile bikaboneti inayobaki ndiyo inayolinda damu isiwe na asidi kali, na ile hewa ukaa inayobaki ndiyo inayouambia ubongo upumue kwa kasi gani. Anayepumua haraka mno kwa woga na kuitoa zaidi ya inavyotakiwa huanza kuhisi ganzi mdomoni na vidoleni, na kizunguzungu.

Basi hizo 4 zinatosha? Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, yaani mafungu 50 ya mililita 100. Nne mara hamsini ni 200, na mililita 200 kwa dakika ndizo mwili huo unazozalisha. Hesabu imefunga.

Je, kwenye hizo 4, athari ya Haldane ina sehemu gani? Kama shinikizo lingeshuka kutoka 45 hadi 40 bila oksijeni kuongezeka, damu ingeachia mililita 2 hivi. Mbili nyingine zinatokana na oksijeni kuikamua hemoglobini. Karibu nusu ya hewa ukaa unayoitoa ukiwa umekaa hapo unasoma, umeitoa kwa sababu umeingiza oksijeni. Bila msaada huo damu ingebeba mililita 100 kwa dakika badala ya 200, na mwili ungelazimika kuvumilia pengo kubwa zaidi la shinikizo kati ya vena na ateri, au moyo kusukuma damu zaidi, ili kazi ileile ifanyike.

Kuna dhana mbili za kila siku ambazo sasa zinaweza kunyooshwa. Ya kwanza ni kwamba kipimo cha kidoleni kikisoma vizuri basi kupumua kuko sawa. Kifaa kile hupitisha mwanga kwenye kidole na kutazama rangi ya hemoglobini, nyekundu yenye oksijeni dhidi ya ile iliyoiva. Bikaboneti haina rangi, kloridi haina rangi. Mtu anayepewa oksijeni kwa barakoa anaweza kusoma 98 huku hewa ukaa ikipanda taratibu, na kifaa kisijue lolote. Hewa ukaa hujulikana kwa kuchukua damu ya ateri na kuipima gesi zake, au kwa kupima hewa anayoitoa mgonjwa.

Ya pili inawahusu wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, wengi wao wavutaji wa sigara wa miaka mingi. Baadhi yao wakipewa oksijeni nyingi hewa ukaa yao hupanda, na maelezo yaliyorithiwa tangu zamani ni kwamba oksijeni "inaizima hamu yao ya kupumua". Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1980 kwa wagonjwa wa aina hiyo vilionyesha kwamba upumuaji wao ulipungua kidogo tu, kiasi kisichotosha kueleza hewa ukaa kupanda vile. Sababu kubwa ni nyingine. Oksijeni nyingi hufungua mishipa ya damu iliyokuwa imejibana kwenye sehemu mbovu za mapafu, kwa hiyo damu nyingi hupelekwa mahali ambapo hewa haibadilishwi. Na sababu ya pili ni hii tuliyoizungumzia muda wote: oksijeni inaikamua hemoglobini yao kama inavyoikamua ya kila mtu, hewa ukaa inaachiwa, shinikizo lake linapanda. Mtu mwenye mapafu mazima angeipumua nje kwa pumzi chache za ziada bila hata kugundua. Mapafu yaliyoziba hayana nafasi ya pumzi hizo za ziada, na gesi iliyoachiwa inabaki kwenye damu.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, usingizi usio wa kawaida, ngozi ya moto yenye wekundu, na viganja vinavyochezacheza mgonjwa akinyoosha mikono mbele. Ndiyo maana wagonjwa hawa hulengwa kwenye asilimia 88 hadi 92, namba ambayo ndugu aliyekaa kando ya kitanda huiona ndogo na kutaka bomba lifunguliwe zaidi. Wengine hukosea kwa upande wa pili: wakisikia oksijeni imepandisha hewa ukaa, huivua barakoa kwa mara moja. Hewa ukaa iliyorundikana bado imeshika nafasi kwenye vifuko vya hewa, oksijeni ya chumbani haitoshi kuiondoa haraka, na ile namba ya kidoleni inaweza kushuka chini ya pale ilipokuwa kabla barakoa haijavaliwa. Inapunguzwa hatua kwa hatua, kipimo kikiwa kidoleni na gesi za damu zikirudiwa.